Nafasi Ipo, au Wanakusanya Majina?

“Kampuni inayokua kwa kasi inakaribisha maombi kutoka kwa Watanzania wenye sifa katika fani za uhandisi, uhasibu, masoko, ugavi, udereva na utawala. Mwombaji awe mchapakazi, anayejituma na anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Watakaokidhi vigezo watajulishwa nafasi zitakapopatikana.”

Matangazo ya sura hii hayakauki kwenye magrupu ya WhatsApp. Habari yote imo katika maneno mawili ya mwisho: nafasi zitakapopatikana. Kampuni imesema ukweli, ila imeuweka mahali ambapo mtu mwenye shida ya kazi hafiki, maana akishaona neno “uhasibu” tayari anatafuta vyeti vyake vilipo.

Tangazo hili si la matapeli. Tapeli humjua kwa kuomba pesa, iwe ya fomu, ya usajili au ya vipimo vya afya. Hawa hawaombi kitu. Kampuni ipo, ofisi ipo, hata simu ukipiga inapokelewa. Kisichokuwepo ni kiti cha kukalia. Wanajaza kabati la majina ili siku wakihitaji mtu wasianze kutafuta upya. Ni haki yao, lakini wewe umelipia wakili agonge muhuri kwenye nakala za vyeti, umewaomba watu watatu wawe wadhamini wako, na pengine umeikataa kazi ya muda ya miezi miwili kwa sababu “kuna sehemu nasubiri majibu”. Hasara iko hapo kwenye kusubiri.

Ili kutofautisha tangazo la aina hii na nafasi ya kweli, inafaa kujua nafasi inavyozaliwa ndani ya ofisi. Nimewahi kukaa upande ule wa meza, idara ya rasilimali watu, na naweza kusema hakuna nafasi inayoota yenyewe. Mtu ameacha kazi, amestaafu, amehamishwa, au bajeti ya mwaka imepitishwa ikiwa na cheo kipya. Mkuu wa idara anajaza fomu ya kuomba mtumishi. Fomu hiyo inamuuliza cheo gani, kituo gani, nani atamsimamia, anakuja badala ya nani, atalipwa daraja lipi, pesa inatoka fungu gani, na anatakiwa aanze lini. Idara ya fedha inatia saini kwamba pesa ipo, mkurugenzi anaidhinisha, na hapo ndipo tangazo huandikwa.

Kwa hiyo anayeandika tangazo la nafasi ya kweli ana karatasi mbele yake. Ana fomu yenye majibu na, mara nyingi, ana orodha ya majukumu ya mtu aliyeondoka. Anayeandika tangazo la kukusanya majina hana hata kimoja, na hilo huonekana kwenye maandishi yake.

Anza kwenye majukumu. Kazi iliyowahi kufanywa na mtu ina vitu vya ajabu ajabu ndani yake ambavyo hakuna anayeweza kuvibuni akiwa amekaa tu. Tangazo la mhandisi wa maji lenye nafasi litasema atasimamia pampu za visima vya vijiji, atahakiki hesabu ya dizeli kila mwisho wa mwezi, atahudhuria vikao vya jumuiya za watumia maji, na atakuwa tayari kulala vijijini siku kadhaa kwa mwezi. Hiyo hesabu ya dizeli haikuandikwa kwa kupendeza. Kuna mtu alikuwa akiifanya, ameondoka, na sasa inalala mezani kwa bosi wake. Tangazo lisilo na nafasi husema “kutekeleza majukumu yote ya kihandisi kwa viwango vya juu”. Ukiliondoa neno “kihandisi” ukaweka “kihasibu” au “kiuuguzi”, sentensi inabaki ilivyo.

Kisha tazama majibu ya ile fomu. Nafasi ni ngapi? Kituo kiko wapi? Anaripoti kwa nani? Mkataba ni wa muda gani? Mwisho wa kutuma maombi ni lini? Tangazo la kweli linaweza kukosa moja au mawili, hasa mshahara, ambao kampuni binafsi nyingi huuficha. Lakini tangazo lisilotaja idadi, wala kituo, wala msimamizi, wala tarehe ya mwisho, halijasahau yote hayo kwa bahati mbaya. Aliyeandika hakuwa na cha kuandika. Tarehe ya mwisho ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu mwenye nafasi wazi anahesabu siku: kazi ya aliyeondoka inafanywa na wenzake, nao wanalalamika. Anayejaza kabati hana haraka, kwa hiyo tangazo lake litasema maombi yanapokelewa wakati wote.

Hapa kuna mtego mmoja. Undani wa majukumu ni dalili ya nafasi, lakini undani wa sifa unaweza kuwa dalili ya kitu kingine kabisa. Ukikuta tangazo linataka mtu mwenye shahada fulani, aliyefanya kazi miaka isiyopungua minne na isiyozidi mitano, anayeijua programu ya kompyuta inayotumiwa na shirika hilohilo, na muda wa kuomba ni siku tano, hizo sifa zimeshonwa kwa vipimo vya mtu. Nafasi ipo, tena ya kweli, ila mwenyewe yuko ndani tayari na tangazo limetolewa kwa sababu taratibu zinalazimisha. Hilo si tatizo tunalolizungumzia leo, ingawa mwombaji wa nje matokeo yake huyaona yaleyale.

Aina ya ukusanyaji majina inayostahili kueleweka zaidi ni ile inayotokana na zabuni, kwa sababu tangazo lake hufanana sana na la nafasi ya kweli. Mhandisi mmoja wa maji wa Dodoma, mwenye uzoefu wa miaka minane, aliniletea tangazo la kampuni ya ushauri wa kihandisi. Lilikuwa zuri. Cheo kimetajwa, mkoa umetajwa, majukumu yameandikwa kwa undani, tarehe ya mwisho ipo, tena ni wiki moja tu mbele. Mwishoni, kwa herufi ndogo, kulikuwa na maneno ya Kiingereza, “subject to contract award”, yaani itategemea kampuni ikipata mkataba. Yeye aliyasoma akadhani ni mkataba wake wa ajira. Nikamwambia apige simu aulize swali moja tu, la tarehe ya kuanza. Alipiga, simu ikiwa kwenye spika.

“Habari za kazi, dada.”

“Salama, karibu.”

“Ahsante. Naulizia ile nafasi ya mhandisi wa maji. Atakayepatikana anatakiwa kuanza lini?”

“Hiyo bado hatujajua. Itategemea.”

“Itategemea nini, dada yangu?”

“Kuna mradi tumeuomba. Tukipewa ndiyo tutawaita.”

Yule dada hakuficha kitu, ni kwamba hakuna aliyekuwa amemuuliza. Hata hivyo, nilimwambia mhandisi asikimbilie kulifuta tangazo. Zabuni za ushauri zina taratibu zake, na mwenye kuzijua anaweza kuzitumia.

Kampuni inapoomba kazi ya ushauri katika mradi unaogharamiwa na Benki ya Dunia, hupeleka pendekezo la kiufundi ambalo hupewa alama kati ya 100. Katika nyaraka za kawaida za benki hiyo, sifa za wataalamu wakuu waliotajwa kwa majina hubeba kati ya alama 30 na 60. Maana yake ni kwamba kampuni inaweza kuwa na ofisi nzuri na uzoefu mkubwa, lakini isipoambatanisha wasifu wa mhandisi mwenye miaka ya kutosha, imeshindwa kabla ya kuanza. Ndiyo maana ile tarehe ya mwisho ilikuwa karibu hivyo. Haikuwa ya kujaza kiti. Kampuni ilitakiwa kuwasilisha zabuni wiki iliyofuata. Wakati ule walikuwa hawamtafuti mhandisi, walikuwa wanatafuta karatasi yake.

Lakini karatasi hiyo ina thamani ambayo waombaji wengi hawaijui. Kwa masharti hayohayo ya Benki ya Dunia, kampuni ikibainika imemtaja mtaalamu mkuu bila ridhaa yake, pendekezo lake linaondolewa. Na ikishamtaja, hairuhusiwi kumbadilisha ovyo ndani ya muda wa uhai wa pendekezo. Lazima iwe na sababu iliyo nje ya uwezo wake, kama kifo au maradhi ya mtaalamu huyo. Kwa hiyo kuna tofauti kubwa kati ya wasifu wako kuingia kwenye zabuni ukiwa umetajwa, na wasifu wako kubaki kwenye kompyuta ya kampuni kama akiba. Waliotajwa wana njia ya kuelekea kazini ikiwa zabuni itashinda. Walio akiba hawana chochote, hata kampuni ikishinda.

Mhandisi aliandika baruapepe fupi kuuliza mambo matatu: mradi unaitwaje na mwenye mradi ni nani, pendekezo litakuwa hai kwa muda gani, na je, yeye atatajwa kama mtaalamu mkuu au la. Kampuni ilijibu mawili ya mwanzo siku ileile. La tatu lilichukua siku mbili, likaja na fomu ya wasifu ya kutia saini, ambayo yenyewe ilikuwa jibu. Alitia saini, akaendelea na kazi aliyokuwa nayo bila kumuaga mtu yeyote. Kutoka kuwasilisha zabuni hadi kusaini mkataba huchukua miezi, na wanaoshindwa ni wengi kuliko anayeshinda.

Jambo moja la kuangalia katika karatasi hizi ni fungu linalosema hutatoa jina lako kwa kampuni nyingine katika zabuni hiyohiyo. Zabuni za Umoja wa Ulaya zimezoeleka kuwa na tamko la namna hiyo. Ukitia saini kwa kampuni mbili zinazoshindania mradi mmoja, unaweza kuondolewa kote kuwili. Ndiyo sababu jina la mradi ni la lazima kujulikana. Kampuni inayokataa kulitaja inakuomba utie saini usichokijua.

Si kila hifadhi ya majina ni ya kukwepa. Iliyo nzuri kuliko zote hapa Tanzania ni kanzidata ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Tangazo la Sekretarieti lenyewe huwa limekamilika: taasisi, cheo, idadi ya nafasi, majukumu, sifa, ngazi ya mshahara kama TGS D, na tarehe ya mwisho. Maombi hupelekwa kwenye mfumo wa portal.ajira.go.tz. Waliofaulu usaili lakini wakazidi idadi ya nafasi huwekwa kwenye kanzidata, na nafasi nyingine za kada hiyo zikitokea wanaweza kupangiwa vituo bila kusailiwa tena. Orodha za kuitwa kazini hutoka zikiwa na majina ya watu wa aina hiyo.

Angalia mpangilio wake. Mtu anaingia kanzidata baada ya usaili, wala si kwa kutuma wasifu. Ukisikia mtu anazunguka mtaani akikusanya vyeti “kwa ajili ya kanzidata ya serikali”, huyo hana kanzidata, na karibu atataja pesa.

Mashirika ya Umoja wa Mataifa nayo yana kitu kinachofanana na hicho, kinachoandikwa “Roster” kwenye matangazo yao. Unaomba, unafanya mtihani, unasailiwa, ukifaulu unawekwa kwenye orodha, kisha unasubiri nafasi itokee Entebbe, Goma au kwingineko. Hakuna ahadi ya kazi, lakini umeshavuka mlima, na nafasi ikitokea wanaanza kwa waliomo. Kipimo changu kwa hifadhi yoyote ya majina ni hicho: je, kuna mtu aliyenipima kabla ya kuniweka humo? Kama kilichohitajika ni kupakia faili tu, basi nimo pamoja na kila aliyekuwa na bando siku hiyo.

Mawakala wa ajira wako katikati. Wakala hulipwa na mwajiri pale anapompatia mtu, kwa hiyo hujiwekea majina mengi ili mteja akipiga simu asubuhi, jioni apelekewe watu watano. Kwenye tovuti zao za Kiingereza tangazo la namna hii huandikwa “Talent Pool” waziwazi, na wakala mwaminifu hakasiriki ukimuuliza kama ana mteja kwa nafasi hiyo au anajiandaa. Jina la mteja anaweza kulificha, hilo ni la kawaida, kwa sababu anaogopa utamruka. Lakini kama mteja yupo, atakueleza ni sekta gani, kituo kiko wapi, na mteja anataka mtu aanze lini. Ukiona tangazo lake limekaa miezi, kila baada ya wiki chache linarudi juu likiwa na tarehe mpya na maneno yaleyale, jibu unalo. Ila hakikisha umeliona kwenye ukurasa wake mwenyewe. Tovuti zinazonakili matangazo huweka tarehe zao, na nafasi iliyokwisha kujazwa inaweza kuendelea kuzunguka huko kama mpya.

Zipo hali ambazo hakuna usomaji wa tangazo utakaokusaidia. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi Afrika Mashariki iliyotegemea pesa hiyo ilisimama. Nafasi iliyokuwa imetangazwa kwa haki kabisa, yenye fungu, msimamizi na kituo, iligeuka tangazo tupu ndani ya siku chache. Hapo hakuna aliyedanganya. Kilichowasaidia baadhi ya waombaji ni kujua mapema mradi unagharamiwa na nani. Swali hilo linaulizika hata kabla ya usaili, na tangazo la asasi mara nyingi hulijibu kwenye aya ya kwanza.

Sheria zetu hazimlazimishi mwajiri binafsi aseme kama nafasi ipo. Kanada, katika jimbo la Ontario, tangu 1 Januari 2026 mwajiri mwenye wafanyakazi 25 au zaidi anayetangaza kazi hadharani anatakiwa aandike kwenye tangazo kama ni la nafasi iliyopo au la, na akishamsaili mtu amjulishe ndani ya siku 45 kama uamuzi umefanyika. Hata huko, tangazo la jumla lisilotaja cheo chochote, kama lile la fani sita lililoanza makala haya, liko nje ya sharti hilo. 

Tulicho nacho sisi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Wasifu wako ni taarifa binafsi, na una haki ya kumuuliza aliyeuhifadhi anacho nini chako na anakitumia kwa lipi, na kumtaka akifute.

Kwa hiyo kama umeamua kuingia kwenye hifadhi ya majina, na mara nyingine inafaa, punguza unachokitoa. Wasifu wa kurasa mbili unatosha. Nakala za vyeti, namba ya NIDA na kadi ya benki havina kazi hadi kuwe na nafasi. Wadhamini nao usiwataje. Andika kwamba majina yao yatatolewa baada ya usaili. Mhadhiri wako wa zamani akipigiwa simu na kampuni nne ambazo hazina kazi, ya tano yenye kazi ikimpigia hatapokea. Weka tarehe juu ya wasifu huo, ili atakayeutoa kabatini mwaka kesho aone kuwa ni wa zamani na akupigie kwanza kabla ya kuupeleka popote. Na mwisho wa baruapepe ongeza mstari mmoja: “Naomba wasifu huu utumike kwa nafasi za ndani ya kampuni yenu tu, na usiwekwe kwenye zabuni yoyote bila ridhaa yangu ya maandishi.” Ofisi yenye nafasi haitaupa uzito wowote mstari huo, itakuita kwenye usaili kama kawaida. Ofisi ya zabuni itakupigia simu, na hapo utaambiwa jina la mradi.